Vidonge vya madini ya chuma visipopandisha damu: Sababu tatu zinazojificha tumboni

Katika tarafa ya Busasamana, wilayani Rubavu, kwenye miteremko ya volkeno inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mgonjwa mwenye upungufu wa damu huanza safari yake ya matibabu kwenye kituo cha afya. Hupimwa, hupewa vidonge vya madini ya chuma, kisha huambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Kwa wagonjwa wengi hilo hutosha. Lakini wapo wanaomeza vidonge kwa uaminifu kwa miezi mitatu, na kipimo cha damu hubaki pale pale.

Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hushukiwa kuwa hakumeza dawa, au huongezewa idadi ya vidonge. Hata hivyo, huenda tatizo haliko kwenye dawa wala kwenye utiifu wake, bali kwenye njia ambayo madini hayo hupitia kabla ya kuingia katika damu. Njia hiyo inaweza kuharibiwa na uvimbe wa mfuko wa tumbo, na ugonjwa wa seliaki, au ikawa imebadilishwa na upasuaji uliofanyika miaka mingi iliyopita.

Ili kuielewa njia hiyo, tutafuata mfano wa kubuni wa mama mmoja wa Busasamana mwenye umri wa miaka 38, mkulima wa viazi na mama wa watoto wanne. Mama huyo si mtu halisi, lakini hatua zake ni zile ambazo mgonjwa na mhudumu wa afya wanaweza kuzipitia.

Kipimo cha damu husomwaje milimani?

Mama huyu anafika kituoni akilalamika uchovu, kizunguzungu na kuishiwa pumzi anapopanda na gunia la viazi. Hemoglobini yake, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya damu, ni gramu 9.8 kwa desilita.

Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12. Lakini kiwango hicho ni cha mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Kadiri ardhi inavyopanda, hewa huwa na oksijeni kidogo, na mwili hujitengenezea hemoglobini zaidi ili kufidia. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 unaelekeza kwamba, kwa mtu anayeishi kati ya mita 2,000 na 2,499, gramu 1.4 ziongezwe kwenye kiwango cha mpaka.

Maana yake ni kwamba kwa mwanamke anayeishi kwenye mwinuko huo, mpaka si 12 bali 13.4. Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, kipimo cha 12.6 ni cha mtu mwenye damu ya kutosha. Katika vijiji vya juu vya Rubavu, kipimo hicho hicho ni dalili ya upungufu. Asiyefanya hesabu hii anaweza kumwambia mgonjwa kwamba amepona ilhali yuko nusu ya njia.

Madini ya chuma huingiaje mwilini?

Mama wetu anapewa vidonge vya feri salfeti, kila kimoja kikiwa na takriban miligramu 60 za madini ya chuma. Kidonge kinapofika katika mfuko wa tumbo hukutana na asidi kali. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini na kuyaweka katika hali ambayo utumbo unaweza kuyapokea. Bila asidi ya kutosha, sehemu kubwa ya madini hugeuka kuwa chembe zisizoyeyuka, ambazo hupita moja kwa moja hadi kwenye kinyesi.

Kutoka hapo, madini huingia katika duodeni, sehemu ya kwanza kabisa ya utumbo mwembamba, yenye urefu wa takriban sentimita 25 tu. Hapo, na katika kipande kifupi kinachofuata, ndipo karibu madini yote ya chuma huvutwa kuingia mwilini. Utumbo mwembamba una urefu wa mita kadhaa, lakini sehemu zake za chini haziwezi kuifanya kazi hiyo kwa kiwango kinachohitajika. Chuma kikishapita mlango huo, kimepotea.

Kwa hiyo mambo mawili ni lazima: asidi ya mfuko wa tumbo, na ukuta mzima wa duodeni ambao chakula hupita juu yake. Kila moja ya sababu tatu za makala hii huvunja mojawapo ya mambo hayo.

Ni lini tuseme kwamba vidonge vimeshindwa?

Hakuna haja ya kusubiri miezi mitatu. Mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma ambaye utumbo wake unafanya kazi huonyesha ongezeko la hemoglobini la takriban gramu 1 kwa desilita ndani ya wiki mbili, na gramu 2 ifikapo wiki ya nne. Kipimo kisipopanda kwa gramu 1 baada ya wiki mbili za kumeza dawa ipasavyo, uwezekano kwamba vidonge hivyo vitashindwa hata baadaye ni mkubwa.

Katika mfano wetu, baada ya wiki nne hemoglobini ya mama imefika 10.0, na baada ya wiki kumi na mbili ni 10.1. Kabla ya kuutuhumu utumbo wake, mhudumu anapaswa kuuliza maswali machache yaliyo karibu zaidi.

La kwanza ni kama vidonge vimemezwa kweli. Ipo ishara rahisi: madini ya chuma hukifanya kinyesi kiwe cheusi au kijani kilichokolea. Kinyesi kilichobaki na rangi yake ya kawaida hutia shaka. Lakini kinyesi cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali isiyo ya kawaida, ni ishara ya damu inayovuja tumboni, na mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni kama damu inapotea kwa njia nyingine: hedhi nyingi, minyoo ya safura, au vidonda vya tumbo. La tatu ni kama kweli tatizo ni madini ya chuma, kwa maana upungufu wa damu una sababu nyingi. Jibu la swali hili hutolewa na kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ina maana kwamba akiba imekwisha. Kwa mwenye maambukizi au uvimbe mwilini, feritini hupanda kwa uongo, na hapo WHO huweka mpaka kwenye 70.

Mama wetu ana kinyesi cheusi cha kawaida, hedhi yake ni ya wastani, hana minyoo, na feritini yake ni 6. Anameza dawa, hapotezi damu nyingi, na bado hana chuma. Sasa ndipo tumbo lake linapopaswa kuchunguzwa.

Sababu ya kwanza: Uvimbe wa mfuko wa tumbo

Katika eneo la Maziwa Makuu, hapa ndipo pa kuanzia. Bakteria aitwaye Helikobakta pailori huishi katika ute unaofunika ukuta wa ndani wa mfuko wa tumbo, na mara nyingi huingia mwilini tangu utotoni. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa waliopimwa kwa kamera katika hospitali ya chuo kikuu ya Butare, kusini mwa Rwanda, na kuchapishwa mwaka 2014, ulimkuta kwa takriban robo tatu yao.

Wengi walio naye hawaugui. Lakini kwa baadhi, uvimbe wa muda mrefu huchakaza tezi zinazotengeneza asidi, na hupunguza pia vitamini C ambayo mfuko wa tumbo huitoa ili kusaidia kuyeyusha chuma. Isitoshe, uvimbe huweza kulifanya ini litoe kwa wingi homoni ya hepsidini, ambayo huufunga mlango wa chuma kwenye utumbo.

Upo pia uvimbe wa aina nyingine, ambao kinga ya mwili yenyewe huzishambulia seli za asidi. Huu hutangulia kuleta upungufu wa madini ya chuma, na miaka kadhaa baadaye ule wa vitamini B12, ambao huweza kuleta ganzi miguuni na kuyumba katika kutembea. Katika utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 150 ambao upungufu wao wa madini ya chuma haukuwa na maelezo au haukutibika walichunguzwa: 40 walikuwa na uvimbe huu wa kinga, 29 walikuwa na bakteria huyo peke yake, na 8 walikuwa na ugonjwa wa seliaki. Hesabu za Rwanda haziwezi kulingana na hizo, lakini zinaonyesha kwamba mfuko wa tumbo hustahili kuangaliwa mapema.

Kuna jambo la tatu ambalo mgonjwa hujifanyia mwenyewe bila kujua. Mama wetu anaposaili kumbukumbu zake, anaeleza kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja amekuwa akinunua omeprazoli katika duka la dawa kwa ajili ya kiungulia. Dawa hiyo huzima asidi. Ikitumiwa wiki chache kwa maelekezo ya daktari ni dawa njema. Ikitumiwa mwaka mzima sambamba na vidonge vya chuma, mkono mmoja hubomoa kile ambacho mwingine unajenga.

Kumpima Helikobakta pailori kunahitaji uangalifu. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili huweza kuonyesha maambukizi hata baada ya bakteria kuondoka, hivyo hakifai kuthibitisha kwamba mtu amepona. Kipimo cha kinyesi kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe ni bora zaidi. Lakini mgonjwa anapaswa kuacha omeprazoli wiki mbili kabla, na awe hajatumia antibiotiki kwa wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kuonyesha hana bakteria ilhali anaye.

Sababu ya pili: Ugonjwa wa seliaki

Seliaki si mzio wa kawaida wa chakula. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na protini ya gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hushambulia ukuta wa utumbo. Kwa kawaida ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula. Kwa mgonjwa wa seliaki vinyweleo hivyo hufutika na ukuta hubaki bapa, na madhara huwa makubwa zaidi katika duodeni, mahali pale pale ambapo chuma huingilia.

Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuwa na seliaki bila kuharisha wala kukonda, na upungufu wa chuma ukawa dalili yake pekee.

Ugonjwa huu ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa wa Wazungu tu. Dhana hiyo ilitikisika mwaka 1999, pale watafiti walipowapima watoto wa Kisaharawi, wenye asili ya Sahara Magharibi, na kukuta asilimia 5.6 wakiwa nao, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha Ulaya. Hilo halina maana kwamba Rubavu ina hali hiyo hiyo. Ugonjwa huhitaji jeni fulani za kurithi pamoja na ulaji wa ngano, na chakula cha kila siku cha Busasamana ni viazi, maharage, mahindi na mboga, ambavyo havina gluteni. Hata hivyo mkate, chapati na mandazi vipo sokoni, na kipimo cha seliaki hakipaswi kuachwa kwa sababu tu ya asili ya mgonjwa.

Kipimo cha awali ni cha damu, kinachotafuta kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha transglutaminesi. Mtego wake ni huu: mgonjwa aliyeacha ngano kabla ya kupimwa anaweza kuonekana mzima. Anatakiwa awe amekula chakula chenye ngano kila siku kwa takriban wiki sita. Pia, wapo watu ambao kwa maumbile hawatengenezi aina ya kingamwili inayotafutwa, iitwayo IgA, hivyo kiwango chake cha jumla hupimwa sambamba. Majibu yakielekeza kwenye ugonjwa, daktari huingiza kamera na kuchukua vipande vidogo visivyopungua vinne vya duodeni, kwa kuwa uharibifu huweza kuwa wa mabaka.

Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, ikiwemo bia ya shayiri. Kwa mkazi wa Busasamana si vigumu kama kwa mkazi wa mji unaoishi kwa mkate. Ukuta wa utumbo huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, kurejea hali yake, na hapo ndipo vidonge vya chuma huanza kufanya kazi.

Sababu ya tatu: Upasuaji uliosahaulika

Sababu hii ina historia yake katika eneo hili. Mwaka 1975, watafiti Tovey na Tunstall walichapisha katika jarida la Uingereza liitwalo Gut uchunguzi wao kuhusu vidonda vya duodeni barani Afrika. Miongoni mwa maeneo waliyoyataja kuwa na wagonjwa wengi ni ukingo wa milima unaotenganisha mito ya Naili na Kongo, yakiwemo maeneo ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Zama hizo haikujulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua bakteria huyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa wagonjwa waliochelewa, kidonda kilichoacha kovu na kuziba njia ya chakula kilitibiwa kwa kisu. Daktari aliunganisha mfuko wa tumbo moja kwa moja na kipande cha chini cha utumbo mwembamba, na mara nyingi alikata pia mishipa ya fahamu inayochochea asidi.

Upasuaji huo uliokoa maisha, lakini baada yake chakula kiliikwepa duodeni, na asidi ikapungua. Upungufu wa chuma hauji mara moja, kwa kuwa mwili hutumia kwanza akiba yake. Huweza kujitokeza miaka mitano, kumi au zaidi baadaye, wakati mgonjwa hahusishi tena uchovu wake na kovu lililo tumboni. Hali kama hiyo huwapata waliokatwa mfuko wa tumbo kwa sababu ya saratani, na wale waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene unaoruka duodeni.

Lakini si kila kovu lina hatia. Homa ya matumbo inapotoboa utumbo, sehemu inayokatwa kwa kawaida ni ya mwisho ya utumbo mwembamba. Hapo hufyonzwa vitamini B12, si chuma. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa si kama aliwahi kupasuliwa tu, bali alipasuliwa kwa ugonjwa gani na ni sehemu ipi iliyoguswa. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, hata iwe ya miaka ishirini, ni kielelezo cha thamani.

Je, kuongeza vidonge husaidia?

Mara nyingi hapana. Dozi kubwa ya chuma yenyewe huipandisha homoni ya hepsidini kwa takriban siku nzima, na dozi inayofuata hukuta mlango umefungwa. Kidonge kimoja kwa siku, au kimoja kila baada ya siku moja, huweza kufyonzwa vizuri zaidi, tena kwa maumivu machache ya tumbo. Chai na kahawa ziwekwe mbali na kidonge kwa saa moja hadi mbili.

Pale ambapo mlango hauwezi kufunguliwa, kama kwa mtu ambaye chakula chake hakipiti tena kwenye duodeni, chuma huingizwa kupitia mshipa. Kiasi chake huhesabiwa: uzito wa mgonjwa huzidishwa kwa pengo la hemoglobini, kisha kwa 2.4, na miligramu 500 huongezwa kwa ajili ya akiba. Kwa mtu wa kilo 55 mwenye hemoglobini ya 9.8 na lengo la 15, jibu ni takriban miligramu 1,190. Hutolewa mahali penye vifaa vya dharura, na mgonjwa huangaliwa kwa nusu saa baadaye, kwa kuwa mara chache huzuka mzio mkali.

Mgonjwa wa mfano aliishiaje?

Mama wetu alipewa barua ya rufaa. Aliacha omeprazoli, na baada ya wiki mbili kipimo cha kinyesi kikaonyesha Helikobakta pailori. Kamera ilionyesha mfuko wa tumbo uliovimba bila kidonda wala saratani, na vipande vya duodeni vilikuwa vizima, jambo lililoiondoa seliaki.

Alipewa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14. Baada ya hapo dawa ya asidi ikakoma, na akaanza upya kidonge kimoja cha chuma kwa siku, dawa ile ile iliyoshindwa mwanzoni. Wiki nne baada ya antibiotiki kwisha, kipimo cha kinyesi kilithibitisha kwamba bakteria ameondoka, na hemoglobini ilikuwa 11.9. Baada ya miezi mitatu ilifika 13.6, juu ya mpaka wa milimani. Aliendelea na kidonge kwa miezi mitatu zaidi ili kujaza akiba.

Si kila mgonjwa atapata mwisho huo. Aliye na uvimbe wa kinga atahitaji kufuatiliwa na kupewa vitamini B12 maisha yake yote, na aliyepasuliwa huenda akahitaji chuma cha mshipa kila baada ya muda fulani. Na yeyote mwenye upungufu wa chuma ambaye pia anapungua uzito, anatapika mara kwa mara, anashindwa kumeza au anashiba baada ya matonge machache, anahitaji kupimwa kwa kamera bila kusubiri wiki mbili za vidonge, kwa sababu saratani ya mfuko wa tumbo huweza kuanza kwa sura hiyo hiyo.